Kuweka radi, mawingu mazito na ardhi yenye maji kwenye picha tulivu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu yote hapa yanatumia picha moja ya mfano, ili vipimo viwe na maana. Ni barabara ya udongo inayopita katikati ya mashamba ya viazi Isongole, na Mlima Rungwe nyuma yake. Kamera ni ya sensa kamili ya milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 24, picha ya pikseli 6000 kwa 4000. Mpigaji amesimama, kamera iko mita 1.6 kutoka ardhini, haikuinamishwa wala kuinuliwa. Programu ni GIMP 2.10. Majina ya menyu yameandikwa kama yanavyosomeka kwenye skrini.

## Kabla ya kuanza

1. Picha ipi inafaa kugeuzwa kuwa ya dhoruba?

Ile ambayo haina vivuli vikali. Jua la saa saba mchana huacha kivuli cheusi chini ya kila mti na kila jiwe, na hakuna wingu zito utakaloweka juu litakalomshawishi mtazamaji kwamba kivuli hicho ni cha siku ya mvua. Kukifuta kivuli kimoja kimoja ni kazi ya siku nzima, na mara nyingi alama hubaki. Tafuta picha uliyopiga siku ya mawingu membamba, au asubuhi kabla jua halijatoka nyuma ya mlima.

Angalia pia msimu. Nyanda za Juu Kusini mvua huanza Novemba na kuishia Aprili au Mei. Shamba lililolimwa upya au mahindi machanga hukubaliana na dhoruba. Mabua makavu ya Julai yaliyosimama kwenye madimbwi hayakubaliani nayo, na mtu aliyekulia Mbeya au Njombe ataling'amua kosa hilo kabla hajaitazama radi yenyewe.

Jambo la tatu ni barabara. Kama unataka maji yaonekane, picha iwe na ardhi tupu ya kutosha sehemu ya chini: barabara, uwanja, kingo za shamba. Nyasi ndefu hazishiki taswira ya kitu chochote.

2. Lazima niwe na programu ya kulipia?

Hapana. GIMP ni ya bure na inafanya kila kitu kilichoelezwa hapa. Asiyetaka kusakinisha programu anaweza kutumia Photopea kwenye kivinjari. Menyu zake zimepangwa tofauti lakini leya, maski na aina za kuchanganya leya ni zilezile. Kwa simu, soma swali la 20.

3. Nianze na kipi: mawingu, radi au maji?

Mawingu kwanza, kisha mwanga wa ardhi, kisha radi, maji yawe ya mwisho kabisa. Sababu ni kwamba maji huakisi vyote vilivyo juu yake. Ukitengeneza dimbwi halafu ukabadilisha wingu, dimbwi litabaki linaonyesha anga ambayo haipo tena, na itabidi ulifute na kuanza upya.

Ila radi ina sharti moja: kabla ya kuichora, amua dimbwi litakaa wapi. Kwa nini iwe hivyo, swali la 11 linaeleza.

## Mawingu

4. Mawingu nitayapata wapi, na nitajuaje kama yanaendana na picha?

Yapige mwenyewe. Mchana wa Novemba hadi Aprili, miteremko ikishapata joto, mawingu hujijenga juu ya milima ya Uporoto na safu ya Mbeya, na kuanzia saa nane hivi unapata matumbo meusi bapa yanayofaa kabisa. Piga kwa lenzi ileile au inayokaribiana nayo, na uache ukanda mwembamba wa ardhi chini ya picha ili ujue wingu lilikuwa juu kiasi gani kutoka upeo wa macho.

Hapo ndipo picha nyingi huharibika. Wingu la utosini lina mikunjo mikubwa. Wingu la mbali, karibu na upeo, lina mikunjo midogo iliyobanana na limefifishwa na ukungu. Ukichukua wingu la utosini na kulishusha mpaka mgongoni mwa Rungwe, mlima unaonekana mdogo ghafla, kama kichuguu. Wingu la karibu na upeo libaki karibu na upeo.

Tazama pia upande wa mwanga. Kama kingo zenye weupe za wingu ziko kushoto na miti yako imepata mwanga kutoka kulia, geuza wingu kwa `Layer > Transform > Flip Horizontally`. Hakuna atakayejua kwamba limegeuzwa.

5. Nikibandika anga mpya, majani ya miti yanabaki na ukingo mweupe. Nifanyeje?

Ukingo huo ni anga ya zamani iliyobaki kati ya majani. Kwa mikaratusi na misindano usijaribu kukata kwa mkono. Tengeneza maski kutoka kwenye rangi ya buluu, kwa sababu anga hung'aa sana katika buluu na majani huwa karibu meusi.

Nakili leya ya picha. Kwenye nakala, nenda `Colors > Components > Extract Component` na uchague `RGB Blue`. Kisha `Colors > Levels`: vuta kishale cheusi kuelekea kulia na cheupe kuelekea kushoto mpaka anga iwe nyeupe tupu na miti iwe nyeusi, lakini acha kijivu kidogo kwenye ncha za majani. Nakili matokeo (`Edit > Copy`), weka maski kwenye leya ya mawingu kwa `Layer > Mask > Add Layer Mask`, bandika ndani yake na ubonyeze nanga. Ukimaliza, futa ile nakala ya kijivu au uifiche. Sehemu za ardhi zilizobaki nyeupe kwenye maski, kwa mfano paa la bati au jiwe jeupe, zipake nyeusi kwa brashi.

Ukingo ukiendelea kuonekana, badilisha aina ya leya ya mawingu iwe `Multiply`. Wingu la dhoruba ni jeusi kuliko anga ya zamani, kwa hiyo likizidishwa nayo huufuta ule weupe na majani hubaki meusi kama yalivyokuwa. Kama anga ya zamani ilikuwa ya buluu, iondolee rangi kwanza kwa `Colors > Saturation`, la sivyo wingu lako litatoka la buluu bahari.

6. Nimeweka wingu zuri lakini picha inaonekana vipande viwili. Kwa nini?

Kwa sababu ardhi bado iko kwenye siku ya zamani. Chini ya wingu zito mwanga hupungua, hupoa, na tofauti kati ya kiangavu na cheusi inakuwa ndogo. Fungua `Colors > Curves` kwenye leya ya ardhi. Shusha katikati ya mstari mpaka kijivu cha kawaida kiwe cheusi kwa kama theluthi, halafu shusha ncha ya juu ili kusiwe na kitu cheupe kabisa ardhini. Ongeza buluu kidogo. Kijani cha majani kipunguze kwa `Colors > Hue-Saturation`. Kijani kinachowaka chini ya anga nyeusi huonekana cha plastiki.

Halafu ukungu. Mvua ya mbali huweka pazia la kijivu. Chukua rangi kutoka sehemu ya chini ya wingu lako, fungua leya mpya, na kwa brashi kubwa laini yenye `Opacity` 10 pitisha mara mbili au tatu mahali mlima unapokutana na anga. Rungwe wenyewe, wenye urefu wa takribani mita 2,960, hufunikwa kileleni mara nyingi, kwa hiyo kuacha wingu limeze kilele ni uamuzi wa kweli kabisa. Kwa mfano wetu kilele kimeachwa wazi, maana kitahitajika kwenye hesabu ya maji.

## Radi

7. Nachoraje radi inayofanana na radi?

Fungua leya mpya, ijaze nyeusi, ibadilishe iwe `Screen`. Katika aina hiyo cheusi hakionekani na cheupe huongeza mwanga tu. Chukua `Paintbrush` ya pikseli 4, bofya pale radi inapotoka winguni, kisha shikilia Shift na ubofye tena chini kidogo: programu inakuchorea mstari ulionyooka. Endelea hivyo, kila kipande pikseli 20 hadi 60, ukibadilisha mwelekeo kila mara lakini bila mpangilio wa kushoto-kulia-kushoto. Mwendo wa msumeno ndio kosa la kwanza la kila anayeanza. Radi ya kweli inaweza kwenda upande mmoja vipande vitano mfululizo kabla haijarudi.

Matawi yawe ya pikseli 1 au 2, mafifi kuliko shina, na yaelekee chini. Katika radi ya kawaida ya kutoka winguni kwenda ardhini, matawi ni njia ambazo umeme ulizijaribu ukiwa unashuka, na nyingi hazikufika popote. Kwa hiyo yaishie hewani, yakififia.

8. Radi yangu inaonekana kama waya uliobandikwa juu ya picha. Kimekosekana nini?

Mwanga wake. Mkondo wa radi una upana wa sentimita chache tu, lakini joto lake hufika kama nyuzi 30,000, ndiyo maana kamera huuona mpana na wenye ukungu wa mwanga pembeni.

Nakili leya ya radi mara mbili. Ya kwanza ipitishe `Filters > Blur > Gaussian Blur` ya pikseli 15. Ya pili pikseli 120, na `Opacity` yake ishuke hadi 30. Hiyo ya pili ipe zambarau au buluu kidogo sana. Shina lenyewe libaki jeupe.

Kisha wingu. Pale radi inapotoka, wingu huwaka kwa ndani. Fungua leya ya aina ya `Dodge`, ijaze nyeusi, na kwa brashi laini ya kama pikseli 800, rangi ya kijivu cha katikati, pakapaka taratibu kuzunguka mahali hapo. `Dodge` huangaza kilichopo bila kufunika mikunjo ya wingu. Ukipaka nyeupe ya kawaida mikunjo inapotea na unapata doa la ukungu.

Mwisho, amua radi iko mbele au nyuma ya mlima. Kwenye mfano iko nyuma: mwale unakatika pale mgongo wa mlima unapoanza, na uso wa mlima unaotutazama unabaki mweusi, kwa sababu mwanga unatoka upande wa pili. Kuuangaza uso huo huku radi iko nyuma ni kosa ambalo jicho hulihisi hata kama mtu hawezi kulitaja.

9. Naweza kutumia radi halisi niliyopiga mwenyewe?

Ni bora zaidi. Usiku, kamera juu ya stendi, ISO 100, f/8, sekunde 30 kila picha, unarudia mpaka radi ijipige yenyewe. Anga nyeusi ya usiku huondoka yenyewe kwenye `Screen`. Kama ni ya kijivu, isukume iwe nyeusi kwa `Levels` kwanza.

Piga ukiwa ndani ya nyumba, kupitia dirishani. Usisimame mlimani, uwanjani wala chini ya mti. Hesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo: kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Zikipungua 30, dhoruba iko ndani ya kilomita kumi na inaweza kukufikia. Kaa ndani hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

## Ardhi na maji

10. Nikipindua picha ili kupata taswira ya majini, nipindulie kwenye mstari gani? Hapa kwetu ni milima, upeo wa macho hauonekani.

Watu wengi wa nyanda za juu hupindulia pale mlima unapokutana na mashamba, au mbaya zaidi kwenye mgongo wa mlima. Mstari sahihi ni upeo wa macho, yaani usawa wa kamera, hata kama umefichwa na kilima.

Kuupata si vigumu. Kama kamera haikuinamishwa, upeo uko katikati kabisa ya picha: kwa mfano wetu, pikseli 2000 kutoka juu. Kama iliinamishwa, tafuta mtu mzima aliyesimama kwenye ardhi iliyo sawa na ya mpigaji. Kamera ikiwa usawa wa macho, upeo unapita machoni pake, awe karibu au mbali.

Ukishaupata, fanya `Layer > New from Visible`, kisha `Layer > Transform > Flip Vertically`. Upeo ukiwa katikati, leya inajipanga yenyewe. Ukiwa pikseli 1700 kutoka juu, baada ya kupinduliwa utakuwa 2300, kwa hiyo sogeza leya juu pikseli 600. Funika leya hii kwa maski nyeusi. Utaifungua mahali penye madimbwi tu.

11. Nimefuata hayo yote lakini radi haionekani kwenye dimbwi. Kosa liko wapi?

Dimbwi limekaa mahali pasipo pake. Kitu kilichoko mbali huakisiwa chini ya upeo kwa umbali uleule kilioko juu ya upeo, na kwenye wima uleule. Tuifanye hesabu kwa picha ya mfano.

Kwa lenzi hii, ukigawanya urefu wa kitu kwa umbali wake na kuzidisha mara 4000, unapata pikseli zake kutoka kwenye upeo. Radi yetu iko kilomita 6, na tumbo la wingu liko kilomita 1.8 juu ya usawa wetu, kwa hiyo radi inatoka winguni pikseli 1200 juu ya upeo. Kilele cha mlima kiko pikseli 600. Sehemu ya radi inayoonekana ni kati ya 600 na 1200, na majini itaonekana kati ya pikseli 600 na 1200 chini ya upeo.

Sasa ardhi. Kamera iko mita 1.6 juu, kwa hiyo pikseli 600 chini ya upeo ni ardhi iliyo mita 10.7 mbele yetu, na pikseli 1200 ni mita 5.3. Maana yake ni hii: dimbwi lililo mbali kuliko mita 10.7 litaonyesha mlima mweusi peke yake. Lililo karibu kuliko mita 5.3 litaonyesha wingu peke yake. Radi itaonekana tu kwenye dimbwi lililo kati ya hapo, tena liwe chini yake moja kwa moja.

Ndiyo maana mahali pa dimbwi panaamuliwa kwanza. Barabara ya mfano ina mfereji wa matairi upande wa kushoto unaofikia pikseli 2400 kutoka ukingo wa kushoto wa picha, pale mita 7. Radi basi nayo ikachorwa kwenye pikseli 2400. Kuihamisha radi ni rahisi kuliko kuhamisha barabara.

12. Nguzo ya uzio iliyo karibu imepinduka vibaya, iko juu chini hewani. Kwa nini?

Kwa sababu kupindulia kwenye upeo ni kwa vitu vya mbali tu: anga, milima, miti ya ng'ambo. Kitu cha karibu hupinduliwa pale mguu wake unapogusa maji. Nguzo ya mita 1.2 iliyo mita 8 mbele ina mguu pikseli 800 chini ya upeo na kichwa pikseli 200 chini ya upeo. Ikate peke yake, ipindue, na uiweke ianze 800 na kuishia 1400. Fanya hivyo kwa kila mti, mtu au ng'ombe aliyesimama karibu na dimbwi. Kama mguu umefichwa na nyasi, kadiria ungegusa wapi.

13. Madimbwi yangu yanaonekana kama sahani zilizosimama. Umbo sahihi ni lipi?

Ni bapa kuliko unavyodhani. Dimbwi la mita moja kwa mita moja, kuanzia mita 7, lina upana wa pikseli 570 hivi na kimo cha 114 tu. Lilelile likiwa mita 15 lina upana wa 267 na kimo cha 27. Yaani kwa lililo karibu upana ni mara tano ya kimo, kwa lililo mbali ni mara kumi. Karibu kila mtu akichora kwa mkono huru huchora upana mara mbili tu ya kimo.

Usibuni umbo. Paka maski ukifuata mifereji ya matairi na mabonde yaliyopo tayari kwenye picha, kwa sababu maji hukaa penye shimo. Ukingo wa karibu uwe mkali. Acha mabonge ya udongo na majani machache yatokeze ndani. Kisha zunguka dimbwi kwa ukanda mweusi wa tope, upana wa pikseli 20 hadi 40 kwa madimbwi ya karibu. Bila ukanda huo dimbwi linaelea.

14. Taswira ya majini iwe na nguvu kiasi gani?

Haiwi sawa kila mahali, na jibu hili ndilo linalotenganisha kazi nzuri na ya haraka. Maji yakitazamwa kwa mshazari wa chini huakisi sana; yakitazamwa kutoka juu huakisi kidogo na unaona tope la chini. Kwa kamera ya mita 1.6, maji yaliyo mita 15 mbele huakisi zaidi ya nusu ya mwanga. Mita 7 ni kama robo. Mita 4 ni kama asilimia 11, na miguuni kwako, mita 1.6, hazifiki asilimia 3.

Jicho na skrini havihesabu mwanga kwa uwiano ulionyooka, kwa hiyo tafsiri ya namba hizo kwenye `Opacity` ni takribani 75 kwa mita 15, 55 kwa mita 7, 35 kwa mita 4, na 20 karibu kabisa. Njia nyepesi ni kupaka maski ya madimbwi kwa kijivu kinachozidi kuwa cheusi unavyosogea karibu.

Radi ipe leya yake. Mwale umeng'aa kupita uwezo wa kamera, hivyo hata robo yake majini bado ni nyeupe. Wingu likiwa 55, radi iliyopinduliwa iache kwenye 80. Ukiiweka 55 pamoja na wingu inageuka uzi wa kijivu.

15. Na ardhi isiyo na dimbwi, nayo niiloweshe?

Ndiyo, na kabla ya madimbwi. Maji yakijaa kwenye vinyweleo vya udongo, mwanga huingia ndani zaidi na kurudi kidogo, ndiyo maana udongo uliolowa ni mweusi na rangi yake imekolea. Shusha `Curves` za barabara kwa theluthi nyingine, ongeza `Saturation` kidogo. Udongo wa volkano wa Rungwe huenda karibu na mweusi. Udongo mwekundu wa Iringa hubaki mwekundu ila wa damu ya mzee. Vilele vya mabonge na matuta viache vyeupe kidogo, vinawahi kukauka.

Tope lenye mng'ao hunyoosha taswira kwenda chini. Nakili leya iliyopinduliwa, ipitishe `Filters > Blur > Linear Motion Blur`, `Angle` 90, `Length` 150, na uifungue kwa `Opacity` 15 hadi 25 kwenye barabara nzima. Michirizi ilale wima daima. Ikilala mshazari barabara inaonekana ya kioo kilichokwaruzwa.

## Hali za pekee

16. Barabara yangu ni ya mteremko. Hesabu ni ileile?

Ya uso wa dimbwi ndiyo, kwa kuwa maji hutulia usawa hata barabara ikiinama. Upeo unabaki palepale. Umbali ndio hubadilika, kwani ardhi inayoshuka huwa chini ya kamera kwa zaidi ya mita 1.6. Ila mteremko wenyewe haushiki madimbwi. Weka vijito vyembamba vya tope na mng'ao wa swali la 15, na madimbwi yawe penye kidato au mwisho wa mteremko tu.

17. Nikitaka mvua inyeshe papo hapo?

Basi acha kioo. Matone huvunja uso wa maji, na taswira kali ya radi pamoja na michirizi ya mvua haviishi pamoja. Chagua kimoja. Mvua ya mbali inayoning'inia chini ya wingu haina tatizo.

18. Lami iliyolowa, kama barabara kuu ya kwenda Tunduma, inatengenezwa hivyohivyo?

Lami ina chembe, kwa hiyo tumia michirizi ya swali la 15 kwa `Opacity` 30 hadi 40 na madimbwi machache pembeni au penye mikunjo ya magurudumu ya malori. Kama kuna gari limewasha taa, kila taa ipate mchirizi wake wima chini yake. Ukiisahau hiyo, lami yote inaonekana kavu.

19. Anga yangu nyeusi ina mistari kama ngazi za rangi. Na ikichapwa inatoka nyeusi tii.

Mistari inatokana na JPEG ya biti 8 iliyovutwa sana. Anza na faili ghafi la kamera, au geuza `Image > Precision` kuwa biti 16 kabla ya hatua yoyote. Kama imeshatokea, ongeza chengachenga kidogo angani kwa `Filters > Noise > RGB Noise`.

Karatasi haitoi mwanga kama skrini. Kabla ya kupeleka studio, punguza mwangaza wa skrini hadi nusu na uitazame tena. Tope na mlima vikigeuka doa moja, inua sehemu za giza kwa `Curves`. Chapa kipande kidogo cha majaribio kwanza, chenye mlima na dimbwi.

20. Naweza kufanya kwa simu?

Radi ndiyo. Kwenye Snapseed fungua `Double Exposure`, chagua picha ya radi yenye anga nyeusi, kisha `Lighten`. Mawingu yenye miti na taswira ya majini vinahitaji maski sahihi. Fungua Photopea kwenye kompyuta.

21. Naruhusiwa kuisambaza?

Andika wazi kwamba ni picha iliyotengenezwa, ndani ya maelezo na si kwenye maoni. Usiipe tarehe wala usiiandike kama habari ya "leo Tukuyu". Watu wenye mashamba na watoto shuleni huamua mambo kwa picha za namna hiyo, na taarifa za hali ya hewa hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 pia inahusu kuchapisha taarifa za uongo. Kwa mashindano ya picha, soma masharti kabla ya kutuma. Mengi ya mandhari na habari hayapokei picha zilizounganishwa, hata zikitajwa.